Usiku wa Ijumaa ni upi? Kuomba miadi kwa ujumbe wa sauti

*Swali: Mimi ni fundi seremala, niko Tanga. Nina mteja, mama mtu mzima mzaliwa wa Pemba, anaishi Maskati na anajenga huku kwetu. Nilitaka tuzungumze kwa simu yeye, mimi na mdogo wake aliyeko Bujumbura, kuhusu makabati ya jikoni. Nikamtumia ujumbe wa sauti wa dakika mbili na kitu, nikamwomba tuzungumze usiku wa Ijumaa saa mbili. Akajibu, "Sawa mwanangu." Ijumaa usiku napiga, hapokei. Baadaye ananiambia kwa masikitiko kwamba Alhamisi alikaa na simu mkononi na mimi sikupiga. Safari nyingine niseme nini, kwa kifupi, bila kumkosea adabu?*

Fundi, mama huyo hakukosea. Kwa mtu wa Pemba, Unguja, Mombasa au Lamu mwenye umri wake, usiku wa Ijumaa ni ule unaoingia Alhamisi jua linapozama. Siku kwa hesabu ya zamani ya pwani huanza magharibi: usiku hutangulia, mchana hufuata. Ndiyo maana tarawehe ya kwanza ya Ramadhani husaliwa kabla hata mtu hajafunga siku moja, kwa kuwa usiku ule ni wa ile siku inayokuja. Wewe unafuata siku ya kalenda ya simu, inayogeuka saa sita za usiku, na kwako usiku wa Ijumaa unakuja baada ya mchana wa Ijumaa. Kila mmoja wenu alisema na kusikia Kiswahili sahihi, na katikati pakapotea saa ishirini na nne.

Kuligeuza neno na kusema "Ijumaa usiku" kunasaidia, maana wengi siku hizi wakisikia hivyo hufikiria usiku unaofuata mchana wa Ijumaa. Lakini kwa mtu mzima wa pwani bado ningeweka kufuli la pili. Lugha ilishalitengeneza zamani, nalo ni neno "kuamkia". Ukisema "Ijumaa usiku, kuamkia Jumamosi", hakuna mtu kutoka Lamu hadi Kigoma atakayebaki na shaka, kwa sababu umeutaja usiku kwa asubuhi utakayoizaa. Watangazaji na waandishi wa habari hulitumia kila wiki: ajali imetokea "usiku wa kuamkia jana". Wanalitumia kwa sababu hiyo hiyo. Ongeza na tarehe. Kama Ijumaa ni tarehe 12, sema "Ijumaa tarehe kumi na mbili usiku, kuamkia Jumamosi". Ni maneno manane tu, nayo yangekuokoa.

Tarehe ina kazi nyingine ambayo watu hawaioni mpaka iwafae. Katika ujumbe wa sauti, Jumatatu na Jumatano hufanana sana, hasa mtu akisikiliza sokoni au ndani ya daladala. Saa tatu na saa tano ni vivyo hivyo, na saa nne ikisemwa haraka mtu anaweza kusikia saa nane. Siku ikiongozana na tarehe, moja humlinda mwenzake. Mama akisikia "Jumatano tarehe kumi na tano" na kalenda inamwambia tarehe 15 ni Jumatatu, atakuuliza. Ukitaja siku peke yake hana cha kumshtua.

Sasa tuje kwenye saa, kwa sababu hata kama siku ingekuwa sawa, ungempata amechoka kusubiri. Ulisema saa mbili bila kusema saa mbili ya wapi. Tanga iko sawa na Nairobi na Kampala. Oman iko mbele yetu kwa saa moja, mwaka mzima, haibadiliki. Burundi iko nyuma yetu kwa saa moja, sawa na Rwanda na Kongo ya mashariki, yaani Goma, Bukavu na Lubumbashi. Kwa hiyo saa mbili usiku yako ni saa tatu usiku ya mama na saa moja usiku ya mdogo wake. Kati ya hao wawili pana saa mbili nzima. Mama alipokaa na simu saa mbili za ukutani kwake, kwako ilikuwa saa moja.

Kanuni ninayoifuata ni hii: kwa sauti taja saa moja tu, nayo iwe ya yule anayesikiliza, kisha useme wazi kwamba ni ya kwake. "Saa tatu usiku kwa huko Maskati." Hesabu ibebe wewe uliyeomba. Nimesikia watu wakisema kwa pumzi moja, "saa mbili ya hapa, yaani saa tatu kwako, na kwa yule mwingine itakuwa saa moja", na msikilizaji akabaki na namba tatu kichwani asijue ya kushika. Kama watu ni wawili, rekodi ujumbe mara mbili, kila mmoja na saa yake. Ni sekunde thelathini za ziada.

Kuna jambo moja zaidi la saa ambalo kwa mama huyu halina hatari, ila linaweza kukupata kwa watoto wake. Mtu mzima aliyezaliwa Pemba akisema saa tatu usiku anamaanisha ile inayoandikwa 21:00 kwenye simu, hata akikaa Maskati miaka arobaini. Mtoto aliyekulia huko, au aliyekulia Ulaya, anaweza kujua Kiswahili vizuri na bado akaitafsiri "saa nane" kuwa ile namba 8 anayoiona kwenye kioo. Nilipokuwa karani katika ofisi ya uwakala wa forodha Dar es Salaam, niliwahi kumwambia kijana wa namna hiyo tuonane saa nane. Sikusema mchana, nikaona inajulikana. Alifika saa mbili asubuhi, mlinzi akamkalisha kwenye benchi, na mimi nikaingia kazini nikampita bila kujua ni yeye. Tangu siku hiyo siitaji saa bila asubuhi, mchana, jioni au usiku yake, hata ninapozungumza na jirani. Na saa kumi ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu 10 iko kwenye kioo na saa kumi jioni iko kichwani, na pia kuna saa kumi ya usiku ambayo wengine huiita ya alfajiri.

Halafu usipendekeze wakati mmoja. Hili ni la adabu, lakini pia ndilo linalotibu ile "sawa mwanangu". Neno "sawa" kwetu hujibu kila kitu: nimesikia, nimekubali, nitafikiri, sitaki kukuvunja moyo. Ukiuliza "Ijumaa itakufaa?" mama atasema sawa, nawe hutajua amekubali Ijumaa ipi. Ukitoa nafasi mbili na kuuliza "ipi itakufaa?", hawezi kujibu sawa. Itambidi aseme "hiyo ya Jumamosi" au "Ijumaa saa tatu", na hapo utasikia kwa kinywa chake alichoelewa. Kosa lako la mara ya kwanza lingejitokeza papo hapo. Angesema "Alhamisi baada ya Isha, sivyo?" nawe ungeshtuka mapema. Nafasi tatu au nne ni nyingi kwa sauti. Mtu anayesikia hana karatasi mbele yake, akifika ya tatu ya kwanza imeshamtoka.

Nafasi hizo mbili uzichague ukijua ratiba ya wenzako. Oman hupumzika Ijumaa na Jumamosi, na Jumapili ni siku ya kazi kama Jumatatu yetu. Ijumaa mchana ni ya sala na chakula cha jamaa, usiiguse. Bujumbura mapumziko ni Jumamosi na Jumapili, lakini asubuhi ya Jumamosi Warundi wana kazi za pamoja za maendeleo, na mdogo wake mama huenda akawa huko na jembe mkononi. Kwa hiyo Jumamosi asubuhi, ambayo kwako fundi ingeonekana nzuri, naiacha. Zinabaki Ijumaa usiku na Jumamosi jioni. Ijumaa saa tatu usiku ya Maskati, Isha imeshasaliwa mwaka mzima, na Bujumbura ni saa moja usiku, mtu amesharudi nyumbani. Jumamosi saa kumi na moja jioni ya Maskati ni saa kumi jioni kwako na saa tisa alasiri Bujumbura. Hiyo ya pili angalia tu majira: mwezi wa kumi na mbili magharibi ya Maskati huingia mapema, mazungumzo yakikaribia nusu saa yatamkuta mama anatafuta udhu.

Ujumbe wenyewe ningeusema hivi:

"Shikamoo mama. Ni mimi fundi wa makabati, Tanga. Naomba tuzungumze kwa simu pamoja na mama mdogo wa Bujumbura, kuhusu vipimo vya jiko. Nusu saa itatosha, na nitapiga mimi. Nina nafasi mbili, zote kwa saa za huko Maskati. Ya kwanza ni Ijumaa tarehe kumi na mbili usiku, kuamkia Jumamosi, saa tatu, ukishasali Isha. Ya pili ni Jumamosi yenyewe tarehe kumi na tatu, saa kumi na moja jioni. Ipi itakufaa, mama?"

Usome kwa sauti, bila haraka. Kwa mwendo wangu unachukua kama sekunde thelathini na tano. Ule wako wa dakika mbili sijausikia, lakini naweza kukisia: habari za huko, joto limekuwaje, mbao zimepanda bei, saa ikatajwa katikati, kisha ukaendelea na habari ya bawaba. Saa ikikaa katikati ya maneno mengi, mtu akitaka kuikumbuka inabidi asikilize upya wote. Hatafanya hivyo. Atakumbuka anavyokumbuka.

Angalia salamu. "Shikamoo" moja imetosha. Najua kwa mtu wa pwani salamu ina mafungu yake, na kukata fungu kunaonekana ukavu. Lakini katika ujumbe wa sauti unayeamkia ni wewe peke yako, ukiuliza "hujambo, watoto hawajambo, za tangu siku zile" unajijibu mwenyewe au unanyamaza kidogo kama anayeigiza. Kama moyo haukuruhusu, tuma salamu kamili katika ujumbe wake peke yake, asubuhi, mama aitikie marahaba na akuulize yako. Ujumbe wa miadi uje baadaye. Hapo hakuna atakayekuona mkavu, na ule wa pili unabaki mwepesi wa kurudiwa.

Sehemu ya "ni mimi fundi wa makabati" usiiruke eti jina lako limeshahifadhiwa. Mama anayejenga ana fundi wa umeme, fundi bomba na fundi wa rangi, na katika simu yake wote huenda wameandikwa Fundi. Tena simu za watu wazima mara nyingi hufunguliwa na mjukuu, na mjukuu hakujui.

Utaona sikusema "ukipata nafasi" wala "siku yoyote utakayoona inafaa". Wengi wetu tumelelewa kuona kwamba kumpangia mkubwa saa ni kumwamrisha. Lakini ukimwachia yote umempa kazi ya kufikiri kwa niaba yako, na jibu huwa "nitakwambia", kisha wiki inapita. Adabu hapa imekaa kwenye "naomba", kwenye kumpa achague, kwenye kutumia saa zake na si zako, na kwenye kumkumbuka sala yake. Hiyo Isha usiitaje peke yake, kwa mfano "baada ya Isha", ukafikiri umetaja saa. Msikiti wa mtaa mmoja na mwingine hupishana, na mtu anayesali nyumbani ana Isha yake. Iandamane na saa, kama pambo lenye faida.

Na swali liwe la mwisho kabisa. Baada ya "ipi itakufaa, mama?" achia kidole. Ukiongeza "haya, nisalimie wote, na ile picha ya sinki nitakutumia", atajibu habari ya sinki.

Usiseme "kesho" wala "keshokutwa". Wewe unasema Jumanne usiku, yeye anasikiliza Jumatano asubuhi baada ya kuamka, na kesho yako imekuwa leo yake. Maneno hayo ni ya ana kwa ana. "Ijumaa ijayo" nayo iache, kwa kuwa ukiisema Jumanne kuna watakaohesabu ya wiki hii na watakaohesabu ya wiki ya pili. "Saa nne kasorobo" pia huponza, kwa sababu kinachosikika vizuri ni nne. Ukitaka miadi ya robo robo, bora usogeze hadi saa kamili.

Kuhusu kurekodi: toka karakana. Mashine ya randa hata ikiwa mbali huweza kufunika herufi n, na nne, tano na nane zote zina n. Bonyeza alama ya maikrofoni, isukume juu ijifunge ili usiishikilie, ngoja kidogo ndipo uanze, la sivyo "shikamoo" itafika "kamoo". Ukifika kwenye siku na saa, punguza mwendo na uweke kituo kabla ya namba. Wako wanaosikiliza WhatsApp kwa mwendo wa mara moja na nusu au mara mbili, na kwa mwendo huo kinachomezwa kwanza ni maneno mafupi kama nne. Ukiteleza ukasema saa nne badala ya saa tatu, usijisahihishe humo humo. "Saa nne, aa samahani, saa tatu" humwachia msikilizaji namba zote mbili, na kichwani mara nyingi hubaki ile iliyotangulia. Futa, anza upya. Kabla ya kutuma jisikilize mara moja, ukijifanya humjui aliyesema.

Ukisema "nitapiga mimi", hakikisha unajua utapiga kwa njia gani. Oman, kama Falme za Kiarabu, imekuwa kwa miaka mingi ikizuia simu za WhatsApp, ingawa ujumbe wa sauti na wa maandishi hupita bila tabu. Ndiyo sababu jamaa zetu wa kule wameizoea sana sauti. Kwa hiyo muulize mapema yeye hupokea simu za nje kwa programu ipi, au uweke salio la simu ya kawaida. Hilo lisiingie kwenye ujumbe wa miadi, limalize kabla.

Akishajibu, andika. Sauti haitafutiki. Ijumaa jioni mama hatapekua jumbe zote kuitafuta ile yenye saa, lakini mstari wa maandishi ataupata kwa kuutazama tu. Watumie wote wawili maneno yale yale:

Ijumaa tarehe 12 usiku, kuamkia Jumamosi
Maskati saa 3 usiku (21:00)
Tanga saa 2 usiku (20:00)
Bujumbura saa 1 usiku (19:00)

Hapa kwenye maandishi saa tatu zikikaa pamoja hazidhuru, kwa sababu jicho huenda kwenye mji wake. Namba za kioo nazo ni kwa ajili ya mjukuu atakayeweka kengele.

Na kama mama, pamoja na nafasi mbili zote ulizompa, atajibu tena "sawa mwanangu, inshallah"? Inatokea. Inshallah yenyewe usiiogope, kwa mtu wa kwao ikifuata saa iliyotajwa ni ahadi. Tatizo ni kwamba hakutaja. Usimuulize tena swali lile lile, ataona unamsumbua. Mrudishie sauti ya sekunde kumi: "Ahsante mama. Basi nashika ile ya Ijumaa tarehe kumi na mbili usiku, kuamkia Jumamosi, saa tatu ya Maskati. Kama ulikusudia ya Jumamosi jioni, niambie." Kisha utume ule mstari wa maandishi, na Ijumaa ile, alasiri, umkumbushe kwa neno moja: "Mama, leo saa tatu usiku." Siku hiyo neno leo limeshakuwa salama.

Kwa mdogo wake wa Bujumbura maneno ni yale yale, ila badilisha saa: saa moja usiku na saa tisa alasiri, na useme "kwa huko Bujumbura". Hiyo "ukishasali Isha" itoe, kama humjui dini yake. Na "kuamkia Jumamosi" iache ilivyo, haimdhuru mtu.